Maswali ya jibu bora zaidi katika mitihani ya udaktari wa meno

Maswali ya jibu bora zaidi ni aina ya maswali ya kuchagua ambamo machaguo kadhaa, pengine yote, yana ukweli ndani yake, lakini moja tu ndilo linalomfaa mgonjwa aliyeelezwa katika swali. Hutumiwa sana katika masomo ya kliniki ya vyuo vya udaktari wa meno na katika mitihani ya leseni, ukiwemo mtihani wa bodi wa Marekani unaoitwa INBDE, wenye maswali 500 yanayojibiwa kwa siku mbili. Makala hii inaeleza namna maswali hayo yanavyojengwa na namna mtahiniwa anavyoweza kuondoa vipotoshi, yaani machaguo yasiyo sahihi, kwa kutumia maelezo ya mgonjwa badala ya kubahatisha.

## Muundo wa swali

Swali la kuchagua kwa ujumla linahusishwa na Frederick J. Kelly wa Kansas, Marekani, aliyelitumia katika kupima usomaji wa watoto wa shule miaka ya 1914 na 1915. Maswali ya wakati ule yalikuwa na jibu moja la kweli na mengine ya uongo. Mitihani ya kliniki ilihitaji kitu tofauti, kwa sababu daktari mbele ya mgonjwa hachagui kati ya kweli na uongo. Anachagua kati ya hatua tano zinazowezekana, zote zikiwa zimeandikwa katika vitabu.

Swali la jibu bora lina sehemu tatu. Kwanza ni *shina*, yaani hadithi fupi ya mgonjwa: umri, malalamiko, historia ya afya, alichokiona daktari na majibu ya vipimo. Pili ni *ulizo*, sentensi ya mwisho inayosema mtahiniwa afanye nini. Tatu ni machaguo, mara nyingi manne au matano.

Ulizo ndilo husahaulika kuliko sehemu nyingine. Shina lilelile linaweza kufuatwa na "ugonjwa unaoelekea zaidi kuwa ni upi?", au "hatua ya kwanza ni ipi?", au "matibabu ya kudumu ni yapi?", na kila ulizo likawa na jibu lake. Kwa hiyo walimu wengi hushauri kusoma ulizo kwanza, kisha shina, na kuyaacha machaguo hadi mwisho. Waandishi wa maswali nao wana kanuni inayolingana na hiyo, iliyoenezwa na mwongozo wa Bodi ya Taifa ya Watahini wa Tiba ya Marekani: swali zuri ni lile ambalo mtu anayejua somo anaweza kulijibu machaguo yakiwa yamefunikwa kwa mkono. Mtahiniwa anaweza kuigeuza kanuni hiyo iwe chombo chake. Akifunika machaguo na kujijibia mwenyewe kwa maneno machache, vipotoshi havitapata nafasi ya kumvuta kabla hajafikiri.

## Kipotoshi ni jibu la mgonjwa mwingine

Mwandishi wa maswali mwenye uzoefu hatungi kipotoshi kutoka hewani. Huchukua hatua ambayo ni sahihi kabisa kwa mgonjwa anayefanana na huyu, ila anatofautiana naye kwa jambo moja. Ndiyo sababu kipotoshi huonekana kizuri: mwanafunzi alikisoma, anakikumbuka, na kina ukweli.

Kutokana na hilo inatoka njia ya kuondoa vipotoshi yenye nguvu kuliko nyingine zote. Badala ya kujiuliza kama chaguo ni kweli, mtahiniwa anajiuliza: *chaguo hili lingekuwa sahihi kwa mgonjwa gani?* Kisha anarudi katika shina kutafuta neno linaloonyesha kwamba mgonjwa huyu siye. Neno hilo likipatikana, chaguo linafutwa. Lisipopatikana, chaguo linabaki hata kama mtahiniwa halipendi.

## Mfano: maumivu ya gego

> Mwanamke wa miaka 34 ana maumivu ya jino upande wa kulia wa taya la chini kwa siku tatu. Maumivu huja yenyewe na humwamsha usiku. Akinywa maji baridi, maumivu hudumu dakika kadhaa baada ya kumeza. Hana homa wala uvimbe, na hana mzio wa dawa yoyote. Jino namba 46 lina tundu kubwa, lakini sehemu iliyobaki inatosha kujengwa upya. Likigongwa haliumi. Eksirei inaonyesha uozo uliofika karibu sana na kiini cha jino, na mfupa unaozunguka ncha za mizizi ni wa kawaida. Mgonjwa anataka kubaki na jino lake. Matibabu ya kudumu yanayofaa zaidi ni yapi?
>
> A. Amoksilini miligramu 500 mara tatu kwa siku
> B. Kuondoa uozo na kuziba jino
> C. Matibabu ya mizizi ya jino
> D. Kung'oa jino
> E. Dawa ya kutuliza maumivu na kurudi baada ya wiki mbili

Jino namba 46 ni gego la kwanza la kudumu, chini kulia. Ulizo linataka *matibabu ya kudumu*, lakini kabla ya matibabu kuna swali lililofichwa: ugonjwa ni upi? Maswali mengi ya kliniki yana hatua mbili namna hii, na anayeruka hatua ya kwanza huchagua matibabu kwa kubahatisha.

Kiini cha jino ni tishu laini yenye neva na mishipa ya damu, iliyozungukwa na dentini ngumu. Uozo unapokikaribia, kiini huvimba lakini hakina pa kutanukia. Uvimbe ukiwa mdogo, baridi huleta maumivu makali yanayokatika mara tu baridi inapoondoka, na kiini kinaweza kupona. Uvimbe ukizidi, maumivu hubaki kwa muda baada ya baridi kuondoka na huanza kuja bila sababu, hasa mgonjwa anapolala. Hapo husemwa kwamba uvimbe wa kiini haurudi nyuma. Mgonjwa huyu ana dalili zote mbili za hali ya pili: maumivu yanayodumu na maumivu yanayokuja yenyewe. Jino haliumi likigongwa na mfupa ni wa kawaida, kwa hiyo tatizo bado limo ndani ya jino.

Sasa machaguo yanaweza kupimwa moja baada ya jingine.

Chaguo B lingekuwa sahihi kwa mgonjwa ambaye maumivu yake hukatika sekunde chache baada ya maji baridi na halali macho usiku. Neno linalolifuta ni "dakika kadhaa". Hiki ndicho kipotoshi chenye nguvu zaidi hapa, kwa sababu tundu lipo na mkono wa mwanafunzi umezoea kuziba tundu.

Chaguo A lingekuwa na nafasi kwa mgonjwa mwenye jipu la jino na dalili kwamba maambukizo yameenea mwilini, kama homa na uvimbe unaosambaa, na hata kwake dawa huenda pamoja na kutoa usaha, si badala yake. Maneno "hana homa wala uvimbe" yanalifuta. Maumivu ya kiini kilichovimba hayaondolewi na antibiotiki. Mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani wa mwaka 2019 unashauri dawa hizo zisitumike kwa ugonjwa huu pale ambapo matibabu ya jino lenyewe yanapatikana. Ieleweke pia kwamba maneno "hana mzio wa dawa yoyote" yamewekwa kama chambo: humfanya msomaji aone kwamba kuna dawa inayokuja.

Chaguo D ni la mgonjwa ambaye jino lake halijengeki tena, au asiyetaka au asiyeweza kupata matibabu ya mizizi. Shina limefunga milango hiyo kwa sentensi mbili: sehemu iliyobaki inatosha, na mgonjwa anataka kubaki na jino. Chaguo E linaweza kumfaa mtu mwenye ganzi kidogo ya baridi siku chache baada ya kuzibwa jino. Kwa mgonjwa huyu linaahirisha tu, na ulizo limetaka tiba ya kudumu.

Linabaki C.

### Shina likibadilishwa kidogo

Njia nzuri ya kujua kama mtu ameelewa swali ni kubadilisha neno moja na kuona jibu linahamia wapi. Zoezi hili lina faida kuliko kujibu maswali kumi mapya kwa haraka.

Tuseme baridi haileti hisia yoyote, jino linauma likigongwa, na kando yake kuna uvimbe laini wenye usaha. Kiini kimekufa na jipu limejitokeza. Sasa hatua ya kwanza ni kutoa usaha, kwa kufungua jino au kupasua uvimbe, na C inakuwa hatua ya baadaye. Tuseme tena uvimbe umeshuka chini ya taya, mgonjwa ana homa, anashindwa kumeza na sakafu ya mdomo imeinuka. Hakuna chaguo la kliniki ya kawaida linalofaa. Jibu ni kumpeleka hospitali kwa dharura, kwa kuwa njia ya hewa inaweza kuziba. Mgonjwa huyu akiwekwa katika swali, machaguo yote ya kutibu jino huwa vipotoshi, hata yale yaliyo kweli.

Mfano huu una mpaka wake pia. Miaka ya karibuni vyama vya wataalamu wa mizizi ya meno vya Ulaya na Marekani vimekubali kwamba baadhi ya meno ya namna hii yanaweza kutibiwa kwa kuondoa kiini cha sehemu ya juu tu na kukiacha cha mizizini. Swali lenye machaguo hayo mawili pamoja haliwezi kujibiwa kwa mbinu ya mtihani. Linategemea mtaala na mwongozo ambao chuo husika kinaufuata, na mwanafunzi anapaswa kuujua kabla.

## Maswali ya hatua ya kwanza

Kundi la pili linalosumbua ni maswali yanayouliza mpangilio wa hatua. Hapa vipotoshi vinaweza kuwa vitendo vya mgonjwa huyuhuyu, ila si kwa wakati huu, au vitendo vya dharura nyingine inayofanana.

Mfano: kijana wa miaka 22, mwenye afya njema, aliyekunywa chai na mkate asubuhi, anachomwa sindano ya ganzi. Dakika moja baadaye anasema anasikia kizunguzungu. Amepauka, anatoka jasho, na mapigo yake ni dhaifu na ya polepole. Hatua ya kwanza ni ipi: kumchoma adrenalini msulini, kumpa glukosi, kumtafunisha aspirini, kumweka dawa ya kutanua mishipa chini ya ulimi, au kumlaza chali na kuinua miguu?

Kila chaguo ni tiba ya kweli ya dharura fulani katika kiti cha meno. Adrenalini ni ya mzio mkali, wenye vipele, kuvimba uso au kupumua kwa mlio, na mapigo yake kwa kawaida huenda mbio. Aspirini ni ya mshtuko wa moyo, na dawa ya chini ya ulimi ni ya maumivu ya kifua. Dawa hii ya mwisho ingemshushia kijana shinikizo la damu zaidi na kumzidishia hali. Glukosi ndiyo inayowanasa wengi, kwa sababu upungufu wa sukari nao huleta jasho na kupauka. Maneno yanayoiondoa ni chai na mkate, na kukosekana kwa kisukari katika historia yake. Mapigo ya polepole mara baada ya sindano ni picha ya kuzimia kwa hofu, na jibu ni kumlaza na kuinua miguu ili damu irudi kichwani.

Katika swali la hatua ya kwanza, mtahiniwa akibaki na machaguo mawili yaliyo sahihi yote, husaidia kujiuliza ni lipi lisilowezekana kabla ya jingine. Huwezi kuchagua matibabu ya jino kabla ya kulipima, na huwezi kuanza kulipima kama mgonjwa hapumui vizuri.

## Maneno madogo yanayogeuza jibu

Umri ni neno la kwanza katika mashina mengi na ndilo linalorukwa zaidi. Mtoto ameanguka na jino la mbele la juu limetoka zima. Akiwa na miaka 9, jino ni la kudumu na linafaa kurudishwa mahali pake haraka iwezekanavyo. Likishindikana, lihifadhiwe katika maziwa. Akiwa na miaka 3, jino ni la utoto na halirudishwi, kwa kuwa linaweza kuumiza chipukizi la jino la kudumu lililo juu yake. Machaguo yanaweza kuwa yaleyale, neno kwa neno, na jibu likahama kwa sababu ya tarakimu moja.

Katika vyuo vya Tanzania, Kenya na Uganda mitihani hii huandikwa kwa Kiingereza, na mwanafunzi aliyekulia katika Kiswahili hukutana na ugumu wa ziada: maneno ya ulizo yanayotofautisha hatua ya *mwanzo*, ya *kudumu*, *inayofaa zaidi* na *inayoelekea zaidi* hupita machoni kama kitu kimoja. Kuyapigia mstari yanaposomwa huchukua sekunde mbili. Vivyo hivyo maneno ya kukanusha, kama "yote ni kweli isipokuwa", ambayo miongozo ya kutunga maswali inashauri yaepukwe lakini bado hutokea. Kwa maswali hayo ni salama zaidi kuandika K au U mbele ya kila chaguo, kisha kutafuta lililo peke yake.

## Pale kliniki na mtihani vinapotofautiana

Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho ameshaona wagonjwa wengi, na uzoefu huo unaweza kumpotosha. Katika kliniki nyingi za umma Afrika Mashariki kung'oa jino ndiyo tiba inayotolewa zaidi, kwa sababu za gharama, vifaa na kuchelewa kwa wagonjwa. Aliyeona magego mengi yenye maumivu ya usiku yakiishia katika ndoo huweza kuchagua D katika mfano wa gego bila kusita, na katika kliniki yake huenda angekuwa sawa. Lakini swali linampima mgonjwa wa kwenye karatasi. Kama shina halikutaja ukosefu wa fedha au vifaa, mtahiniwa hapaswi kuuongeza yeye mwenyewe. Likitaja, basi limetajwa kwa sababu, na jibu linaweza kubadilika.

Kosa la kuongeza habari lina sura nyingine: "lakini vipi kama ana mimba?", "vipi kama eksirei haikuona?" Swali la mtihani lililohaririwa vizuri huchukuliwa kuwa limesema kila kinachohitajika. Kukosekana kwa kitu nako ni habari.

## Kubahatisha na kubadilisha jibu

Mtahiniwa akishafuta anachoweza na kubaki na machaguo mawili, uamuzi unategemea kanuni ya alama. Ambapo jibu baya halikatwi alama, hakuna sababu ya kuacha swali tupu. Ambapo hukatwa robo alama katika swali la machaguo matano, kubahatisha kipofu hutoa wastani wa sifuri:

```
(1/5 × 1) − (4/5 × 1/4) = 0
(1/2 × 1) − (1/2 × 1/4) = 3/8
```

Mstari wa pili ni wa aliyefuta matatu, na kwake kujibu kuna faida. Ambapo jibu baya hukatwa alama nzima, hata kubaki na mawili hakuleti faida kwa wastani, na kubaki na matatu huleta hasara. Kanuni hii husomwa katika maelekezo ya mtihani kabla ya kuanza.

Mbinu za kutazama umbo la machaguo, kama kuchagua lililo refu zaidi au kukwepa yenye "daima" na "kamwe", hufanya kazi pale swali limetungwa vibaya. Katika mitihani ya bodi, ambayo maswali yake hupitiwa na watu wengi, hazina thamani kubwa.

Kuhusu kubadilisha jibu, wanafunzi wengi wameambiwa wabaki na wazo la kwanza. Tafiti za miongo mingi juu ya karatasi za majibu zimeonyesha kinyume: mabadiliko ya kutoka jibu baya kwenda zuri ni mengi kuliko ya kutoka zuri kwenda baya. Imani ya zamani hudumu kwa sababu jibu zuri lililofutwa huuma na hukumbukwa. Kigezo cha busara ni kuwa na sababu: anayebadilisha kwa kuwa ameliona neno "dakika kadhaa" alilolipita mwanzoni ana msingi, na anayebadilisha kwa kuwa ameona C zimezidi katika karatasi yake hana.

## Kupitia makosa baada ya mazoezi

Alama ya jumla ya zoezi haionyeshi kama mwanafunzi amekosa kwa kutojua au kwa kusoma vibaya. Kutofautisha, hurudi katika kila swali alilokosa na kutafuta neno la shina ambalo lingemfuta kipotoshi alichokichagua. Akiliona na akaelewa mara moja kwa nini linafuta, kosa lilikuwa la usomaji, na tiba yake ni kupunguza mwendo na kuweka alama kwenye shina. Akiliona lakini lisimwambie chochote, kwa mfano hajui kwa nini mapigo ya polepole yanaondoa mzio mkali, kosa ni la maarifa, na hapo inabidi arudi kitabuni. Wanaopima hivi kwa maswali 40 au 50 ya somo moja huanza kuona kipotoshi cha aina moja kikiwanasa mara kwa mara, na mara nyingi ni antibiotiki.